Maandishi yanasema 3,300, jedwali linasema 3,575: namna ya kulinganisha taarifa ya mwaka ya chama cha msingi na majedwali yake

Mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi cha korosho, huku kwetu Newala, ulikwama karibu saa nzima kwa sababu ya sentensi moja. Mwenyekiti alikuwa amesoma kwamba bei ya wastani ya msimu ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mzee mmoja akasimama, simu mkononi.

"Mwenyekiti, naomba nieleweshwe. Kilo zetu laki nne. Nikizidisha kwa 3,300 napata bilioni moja na milioni mia tatu na ishirini. Jedwali la ukurasa wa tisa linasema tuliuza kwa bilioni moja na milioni mia nne na thelathini. Milioni 110 zimeingia tumbo la nani?"

Hazikuwa zimeingia tumbo la mtu. Karani aliyeandika maelezo alikosea hesabu ya wastani, na hakuna aliyekaa na maelezo na jedwali pamoja kabla ya taarifa kwenda kuchapwa. Namba nimezibadilisha ili chama kisitambulike, ila mkasa ndio huo, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayepewa rasimu niisome kabla haijatoka. Nitaeleza ninavyofanya, kwa kutumia chama hicho hicho.

Wengi hudhani kazi hii ni ya mkaguzi. COASCO, au mkaguzi mwingine yeyote, anatoa maoni juu ya hesabu: mizania, mapato na matumizi, mtiririko wa fedha na maelezo yake. Yale maneno ya mwenyekiti, taarifa ya meneja na historia ya msimu ni "taarifa nyingine". Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 720 kinamtaka azisome na aangalie kama zinapingana kwa kiasi kikubwa na hesabu alizokagua, lakini hatoi maoni ya ukaguzi juu yake. Tena mara nyingi taarifa hizo nyingine huandikwa wakati mkaguzi ameshafunga mafaili yake. Kwa hiyo kama nyumbani hamkusoma, msitegemee kuna aliyewasomea.

Shika toleo moja

Omba rasimu ya mwisho, ichape kwenye karatasi, andika tarehe na saa juu ya ukurasa wa kwanza. Mwambie meneja wazi kwamba ukiwa unasoma, mtu asiguse faili. Nimewahi kumaliza siku mbili nikilinganisha maandishi ya Jumatatu na majedwali yaliyorekebishwa Jumatano; kila nilichokiita kosa kilikuwa kimeshasahihishwa, na makosa mapya sikuyaona kabisa.

Hakikisha kila jedwali lina namba yake na kichwa chenye vitu vitatu: ni nini kinachohesabiwa, kwa kipimo gani, na kwa kipindi gani. Jedwali lenye kichwa "Mauzo" tupu lirudishe kwanza. Huwezi kulinganisha sentensi na kitu ambacho hujui kinasema nini.

Piga mstari chini ya kila dai, siyo tarakimu tu

Soma maandishi na kalamu nyekundu. Kila tarakimu ipigie mstari na uipe namba pembeni: 1, 2, 3 na kuendelea. Kama unafanya kwenye kompyuta, Word ina alama ya kutafuta tarakimu yoyote. Fungua dirisha la kutafuta, andika hivi, kisha uende mbele moja moja:

```
^#
```

Hapo umepata nusu ya kazi. Nusu nyingine imejificha kwenye maneno. "Wote", "hakuna", "nusu", "mara mbili", "zaidi ya", "karibu", "imepanda", "kwa mara ya kwanza" ni madai ya hesabu, na kompyuta haitakuonyesha hata moja. Katika taarifa ile kulikuwa na sentensi isiyo na tarakimu yoyote: "Wanachama wote wamelipwa fedha zao." Jedwali la fedha wanazodai wanachama, kurasa tano mbele, lilionyesha shilingi 2,340,000 ambazo wanachama saba hawajalipwa kwa sababu akaunti zao za benki zilikosewa. Kwa mtu mmoja katika hao saba, sentensi hiyo ni uongo kuliko kosa lolote la desimali.

"Zaidi ya" nayo ina mtego mdogo. Jedwali likisema shilingi 1,430,000,000 kamili, basi "zaidi ya bilioni 1.43" si kweli. Ni bilioni 1.43. Watu huona huo ni ushupavu wangu, lakini neno lina maana yake.

Daftari la ulinganishi

Chukua karatasi ya safu sita, au faili la Excel. Kwa kila dai andika: namba uliyoipa, ukurasa, maneno yenyewe kama yalivyo, jedwali na mstari unaohusika, namba iliyo kwenye mstari huo, na safu ya mwisho ya tofauti. Kabla ya kuangalia kama namba zinafanana, amua dai ni la aina gani. Kuna namba zilizonakiliwa, ambazo zipo kwenye jedwali kama zilivyo. Kuna namba zilizokokotolewa, kama asilimia, wastani, ongezeko na tofauti. Hizi huenda hazimo kwenye jedwali kabisa, na lazima uzikokotoe upya mwenyewe kutoka kwenye jedwali bila kuchungulia jibu la mwandishi. Ukichungulia, akili itatafuta njia ya kufikia jibu lake.

Kuna na la tatu: dai lisilo na jedwali lolote. Usiliruke. Andika "halina chanzo" na uulize linatoka wapi.

Jumlisha jedwali kabla ya kuliamini

Jedwali la mauzo la chama chetu lilikuwa hivi, kwa minada minne ya msimu:

| Mnada | Kilo | Bei kwa kilo (Sh.) | Thamani (Sh.) |
|---|---|---|---|
| Wa kwanza | 120,000 | 3,900 | 468,000,000 |
| Wa pili | 200,000 | 3,600 | 720,000,000 |
| Wa tatu | 60,000 | 3,200 | 192,000,000 |
| Wa nne | 20,000 | 2,500 | 50,000,000 |
| Jumla | 400,000 | | 1,430,000,000 |

Zidisha kila mstari kilo kwa bei. Jumlisha kila safu kwenda chini. Kisha tazama kama jumla hiyo inafanana na ile ya jedwali la mapato, na kama kilo zinafanana na zile za jedwali la makusanyo. Kilo za makusanyo na kilo zilizouzwa zinaweza kutofautiana kihalali, kwa mfano kama kuna unyaufu ghalani au mzigo uliobaki bila kuuzwa, lakini tofauti hiyo iwe imeandikwa mahali. Ikiwa jedwali lenyewe halijumlishiki, simama hapo. Kuyasahihisha maandishi yafanane na jedwali bovu ni kueneza ugonjwa.

Hapa jedwali lilikuwa zima.

Wastani: kosa lililokwamisha mkutano

Maandishi: "Bei ya wastani ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo." Ukitafuta 3,300 kwenye jedwali huioni. Kwa hiyo ni namba iliyokokotolewa, na swali ni ilikokotolewaje.

Jaribu njia mbili. Ya kwanza ni kujumlisha bei nne na kugawa kwa nne: 3,900 na 3,600 na 3,200 na 2,500 ni 13,200, gawa kwa nne, unapata 3,300. Ndipo karani alipoitoa. Ya pili ni kuchukua fedha zote zilizopatikana na kugawa kwa kilo zote zilizouzwa: 1,430,000,000 kwa 400,000 ni 3,575.

Ya kwanza inaupa mnada wa nne, uliouza kilo 20,000, uzito ule ule wa mnada wa pili uliouza 200,000. Korosho ya mwisho wa msimu huwa kidogo na bei yake mara nyingi ni ya chini, hivyo njia hii kwa kawaida huvuta wastani chini. Msimu ukiwa na mnada mdogo wenye bei ya juu, itavuta juu. Mkulima anayesikia "bei ya wastani" anaelewa kitu kimoja: nikigawa fedha kwa kilo napata ngapi. Hiyo ndiyo ya pili, wastani wenye uzito.

Kwenye Excel, kilo zikiwa safu ya B na bei safu ya C, fomula hizi mbili zinakuonyesha kosa papo hapo. Ya juu ni ya karani, ya chini ndiyo sahihi:

```
=AVERAGE(C2:C5)
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)/SUM(B2:B5)
```

Kama mashine yako inalalamika juu ya mkato, weka nukta-mkato mahali pake, inategemea ilivyopangwa.

Njia ya kulitambua kosa hili hata bila kujua lilivyotokea ni ile ya mzee: zidisha wastani kwa kilo, uone kama unarudi kwenye jumla ya fedha. Kilo 400,000 mara 3,300 ni 1,320,000,000. Pengo ni milioni 110, ambayo ni shilingi 275 mara kilo 400,000. Wastani usiorudi kwenye jumla yake si wa kuchapwa.

Angalia pia kama bei iliyozungumzwa ni ya mnada au ni aliyopokea mkulima baada ya makato. Zote mbili ni bei za kweli, na zote huitwa "bei" tu kwenye maandishi. Mwandishi mmoja alitumia ya mnada kwenye aya ya kwanza na ya mkulima kwenye aya ya nne, kisha akalinganisha na mwaka uliopita kwa kutumia moja kutoka kila upande. Jedwali hapo halina kosa, sentensi haina kosa la tarakimu, na bado msomaji anadanganyika.

Asilimia: uliza "ya nini?"

Maandishi: "Makusanyo yameongezeka kwa asilimia 20, kutoka tani 320 hadi tani 400."

Ongezeko ni tani 80. Asilimia 20 inapatikana ukigawa 80 kwa 400, yaani kwa mwaka huu. Ongezeko hupimwa kutoka pale ulipoanzia, hivyo unagawa kwa 320, na jibu ni asilimia 25. Kosa hili hutokea sana kwa sababu namba ya mwaka huu ndiyo iliyo karibu na macho. Kulitambua ni rahisi: chukua namba ya zamani, iongeze asilimia iliyotajwa, uone kama unafika. 320 ukiongeza asilimia 20 ni 384. Hujafika 400.

Sentensi iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi: "Korosho za daraja la kwanza zimeongezeka kwa asilimia 6." Jedwali la madaraja lilisema msimu uliopita daraja la kwanza lilikuwa asilimia 85 ya mzigo wote, na msimu huu ni asilimia 91. Kutoka 85 hadi 91 ni ongezeko la pointi 6 za asilimia. Hilo ni sawa likisemwa hivyo. Lakini sentensi inasema korosho zenyewe zimeongezeka, yaani kilo. Asilimia 85 ya kilo 320,000 ni kilo 272,000. Asilimia 91 ya 400,000 ni 364,000. Kilo za daraja la kwanza zimeongezeka kwa 92,000, na ukigawa kwa 272,000 unapata karibu asilimia 34.

Kwa hiyo chama kilijipunja sifa yake chenyewe. Sentensi niliyopendekeza ilikuwa: "Sehemu ya daraja la kwanza katika mzigo wote imepanda kutoka asilimia 85 hadi 91." Ukiweka namba zote mbili, mwanzo na mwisho, hulazimiki kumweleza mtu pointi ya asilimia ni nini.

Makosa madogo yanayojulikana kwa sura

Maandishi yalisema usafiri uligharimu shilingi 4,680,000. Jedwali lilisema 4,860,000. Tofauti ni 180,000. Gawa kwa tisa: 20,000 kamili. Tofauti inapogawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, shuku kwanza kwamba tarakimu mbili zimepishana, hapa 6 na 8, au sifuri imeongezwa au kudondoka mwisho wa namba. Si ushahidi, maana namba moja kati ya tisa hugawanyika hivyo kwa bahati tu, lakini inakuambia pa kuangalia.

Jedwali la mapato lilikuwa na maneno madogo pembeni, "Sh. '000", na mwandishi akanakili "shilingi 1,430,000" bila kuyaona. Chama kizima kikawa kimeuza korosho kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Hili hugundulika kwa macho tu, ukiwa na mazoea ya kujiuliza kama namba inaingia akilini.

Kipindi ndicho kinachonipa shida kuliko vingine katika taarifa za korosho. Msimu wetu huanza kuuza mwezi wa Oktoba na huvuka mwaka, ndiyo maana unaandikwa kwa miaka miwili yenye mkwaju katikati. Hesabu za chama zinaweza kufungwa tarehe nyingine. Mfano, hesabu zikifungwa tarehe 31 Desemba na mnada wa nne ukawa Januari, mapato ya mwaka wa hesabu hayatakuwa na ule mnada, ilhali taarifa ya msimu itakuwa nao. Namba mbili tofauti, zote sahihi. Usizilazimishe zifanane, dai kwamba kila moja itaje kipindi chake.

Kuhusu kukadiria, kanuni yangu ni fupi: ikadirie namba ya jedwali kwa idadi ile ile ya tarakimu aliyotumia mwandishi, kisha linganisha. Zikifanana, pita. Na kama asilimia za jedwali zinajumlisha 99 au 101, usikimbilie kalamu. Tazama kama kila moja imekadiriwa peke yake.

Nani asahihishwe

Ukipata tofauti, usibadilishe chochote kwa mkono wako, hata kama jibu liko wazi. Hujui bado ni nani mwenye kosa. Tarakimu za usafiri zilipopishana, sote tulidhani mwandishi ndiye aliyekosea, kwa sababu jedwali huonekana lina heshima zaidi. Tulipofungua hati za malipo, tukazijumlisha, zikatoa 4,680,000. Maandishi ndiyo yaliyokuwa sahihi. Lakini jedwali lilikuwa limejumlishwa na 4,860,000, hivyo jumla ya matumizi nayo ilizidi kwa 180,000, na ziada ya mwaka ilipungua kiasi hicho hicho.

Kwa hiyo rudi kwenye chanzo: hati za malipo, stakabadhi za ghala, karatasi za mauzo ya mnada, taarifa ya benki. Andika swali lako kwa meneja kwa namna inayojibika, si kama shutuma. "Ukurasa wa 6 unasema 4,680,000, Jedwali la 5 linasema 4,860,000. Hati zinasemaje?" Shutuma hujibiwa kwa shutuma, swali hujibiwa kwa hati.

Kuna mpaka hapa wa kuheshimu. Jedwali likiwa sehemu ya hesabu zilizokaguliwa na kutiwa saini, ofisi ya chama haina ruhusa ya kulirekebisha, hata kosa likiwa wazi kama jua la saa sita. Peleka hati kwa mkaguzi, yeye ndiye atakayeamua marekebisho yawe vipi. Maandishi ya mwenyekiti na ya meneja ndiyo mnaweza kuyarekebisha wenyewe.

Fuata namba kila ilikokwenda

Namba moja huishi mahali pengi. Bei ya wastani ya chama chetu ilikuwa kwenye muhtasari wa ukurasa wa kwanza, kwenye taarifa ya meneja, na kwenye maelezo chini ya mchoro wa nguzo. Iliposahihishwa kuwa 3,575, sentensi ya jirani iliyosema "bei imeshuka" ukilinganisha na msimu uliopita ilibidi iangaliwe upya nayo, maana ilitegemea 3,300. Tafuta namba ya zamani kwenye faili zima, ikiwa na mkato na bila mkato, na pia ikiwa imeandikwa kwa maneno. Kisha chapa toleo jipya, weka tarehe mpya, na upitie daftari lako lote mara ya pili, kuanzia dai la kwanza.

Mwisho omba uione hotuba ya mwenyekiti. Ile ambayo huandikwa wiki mbili kabla, ikapigwa chapa mbali na ofisi, ikakaa mfukoni mwa koti hadi siku ya mkutano. Mwaka uliofuata taarifa yetu ilikuwa safi kurasa zote, na mwenyekiti akasimama akasoma namba za rasimu ya kwanza.